Maji ya dispensa yana ladha ya kuvunda na tangi linateleza: jiki kiasi gani, na koki zinasafishwaje?

*Habari za kazi, mtaalamu. Ofisini kwetu Dar es Salaam tuna dispensa ya kuweka dumu la lita 18.9 juu, ina koki ya moto na ya baridi. Wiki ya pili sasa maji ya baridi yana ladha ya kuvunda. Tumebadilisha dumu mara mbili, ladha ipo palepale. Leo nimetoa dumu, nikapitisha kidole ndani ya tangi, kunateleza kama bamia. Fundi anashauri tumimine jiki humo ndani ilale hadi asubuhi. Ni salama? Na koki zake zinasafishwaje?*

Nzuri, ndugu. Hapana, si salama, jiki isilale humo. Ikikaa usiku kucha italidhuru tangi na raba zake, na utelezi hautaisha. Kipimo kinachotosha ni kijiko kimoja cha chakula kwenye lita 5 za maji, kikae dakika 5 tu, tena baada ya tangi kusuguliwa. Kusugua ndiko kunakotoa ute. Jiki inamalizia kazi.

Ute huo ni bakteria waliojishikiza kwenye kuta za tangi na kujifunika kwa utando wanaoutengeneza wenyewe. Wanapata nafasi kwa sababu maji ya dumu hayana dawa ndani yake. Maji ya bomba la mtaani hubeba klorini kidogo inayoyalinda njiani, lakini ya dumu kwa kawaida hutibiwa kwa ozoni au kwa mwanga wa urujuanimno, na njia hizo zinaua vijidudu kiwandani bila kuacha ulinzi wowote wa baadaye. Dumu likishapinduliwa juu ya dispensa, kila mtu anapojaza kikombe unasikia linagugumia: hewa ya ofisi inaingia kuchukua nafasi ya maji yaliyotoka, na vumbi linaingia nayo. Shingo la dumu nalo limeshikwa na mikono ya wapakiaji na wauzaji, kisha linazama moja kwa moja kwenye maji mnayokunywa. Baridi ya tangi inapunguza kasi ya bakteria, haiwazuii. Na kama mnazima dispensa Ijumaa jioni kuokoa umeme, basi mpaka Jumatatu maji yamekaa siku mbili na zaidi kwenye joto la Dar.

Klorini inapokutana na utando huo inapigana na tabaka la juu na kuishia hapohapo. Bakteria wa chini, walioshikana na ukuta, wanabaki hai. Ndiyo maana mtu anamimina jiki, anasuuza, maji yanakuwa mazuri kwa siku kadhaa, kisha ladha inarudi ileile. Kuongeza jiki au muda hakusaidii. Kinachoongezeka ni madhara. Tangi la chuma kisichoshika kutu hutobokatoboka vishimo vidogo likikaa na klorini kali kwa saa nyingi, na vishimo hivyo vinakuwa maficho mapya ya bakteria. Raba za silikoni hukakamaa na kunyonya harufu ya dawa, mkaionja kwenye maji kwa wiki nzima.

Kwanza hakikisha ladha inatoka wapi

Kabla ya kufungua chochote, chukua glasi tatu zilizooshwa vizuri na kukauka. Ya kwanza jaza kutoka kwenye dumu jipya moja kwa moja, bila kupitia dispensa. Ya pili jaza koki ya baridi, ya tatu koki ya moto. Ziache zote zifikie joto la chumba, maana ladha inajificha kwenye maji ya baridi sana, kisha nusa na uonje moja moja.

Kama glasi ya dumu tayari ina harufu, tatizo limekuja na dumu, na kusafisha dispensa peke yake hakutawasaidia. Kama ya dumu ni safi na ya baridi ndiyo mbaya, tatizo lipo kwenye tangi la baridi au koki yake. Kwa maelezo yako natarajia utapata jibu hili, kwa kuwa madumu mawili tofauti hayajabadilisha kitu. Kama ya moto peke yake ndiyo yenye ladha ya chumvichumvi au chokaa, huo ni ukoko wa madini kwenye kipasha joto, na dawa yake ni nyingine. Nitaigusa mbele kidogo.

Kisha chukua kijiti cha pamba cha masikio, kiingize kwenye mdomo wa koki ya baridi kutokea chini, ukizungushe. Kikitoka na ute mweupe au wa kijivu, ni utando wa kawaida wa bakteria. Rangi ya waridi au ya chungwa pia kwa kawaida ni bakteria. Kijani ni mwani, na mwani hauoti bila mwanga, kwa hiyo angalia kama dispensa au akiba ya madumu inapigwa na jua la dirishani. Madoa meusi ni kuvu, na hupenda raba za koki. Hatua za kusafisha ni zilezile kwa zote, ila rangi inakuonyesha cha kurekebisha baadaye.

Mpaka kazi iishe, msinywe maji ya mashine hiyo. Msitegemee koki ya moto kama mbadala pia: maji yake hayachemki kikamilifu, na yanapita kwenye mdomo wa koki ambao huenda una ute. Chemsheni maji kwenye birika, hasa kama kuna mtoto mchanga, mjamzito, au mwenye kinga dhaifu ya mwili anayeyatumia.

Kuzima na kumwaga

Zima swichi ya moto na ya baridi zilizo nyuma, kisha chomoa plagi ukutani. Kabla ya kuondoa dumu, fungua koki ya moto na kuchota maji polepole kwenye ndoo hadi yatoke ya uvuguvugu. Maji ya kawaida yanaingia kuchukua nafasi, na tangi la moto linapoa kwa dakika chache badala ya saa nzima. Watu huungulia hapa: wanafungua kizibo cha nyuma wakati ndani kuna maji ya nyuzi 90.

Sasa toa dumu. Chota kwa koki ya baridi mpaka ikauke, halafu weka beseni nyuma ya mashine na ufungue kizibo cha kutolea maji, kile chenye kifuniko cha plastiki na raba ndani. Hapo hutoka yale ambayo koki haziyafikii, na mara nyingi ndipo unapoona vipande vya ute vikielea. Usiinamishe mashine yenye kompresa ili imalizike upesi. Kama imeshainamishwa, iache isimame wima kwa saa kadhaa kabla ya kuiwasha.

Kisahani ambacho wengi hawakijui

Toa kile kiti cha plastiki kinachopokea shingo la dumu, pamoja na mwiba wake wa kutobolea kifuniko. Chungulia ndani ya tangi la baridi kwa tochi ya simu. Kwenye mashine nyingi utaona kisahani cha plastiki kimelala katikati, chenye matundu au nafasi pembeni, na mara nyingine kijibomba katikati yake. Kazi yake ni kutenganisha maji yaliyopoa chini na maji ya kawaida yaliyo juu, na kijibomba hicho hupeleka maji ya kawaida kwenye tangi la moto. Kinatoka kwa kuvutwa juu au kuzungushwa kidogo.

Kigeuze uangalie chini yake. Huo ndio upande wenye ute mnene kuliko sehemu yoyote ya dispensa, kwa sababu maji hayapiti hapo kwa nguvu na mkono wa msafishaji haufiki. Kidole chako kiligusa ukuta wa juu tu. Kama ukuta umeshateleza, chini ya kisahani kutakuwa kubaya zaidi. Mtu aliyesafisha bila kukitoa hajasafisha.

Sehemu zote zinazotoka (kiti cha dumu, mwiba, kisahani na trei ya matone) zioshwe kwenye beseni kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo kidogo na brashi laini, kisha zisuuzwe mpaka sabuni iishe kabisa. Ndani ya tangi lenyewe usitie sabuni. Povu linabaki kwenye mipira na ladha yake haitoki upesi. Tumia sponji mpya laini na maji safi, sugua kuta zote, kona za chini, na mzunguko wa tundu linaloelekea kwenye koki. Usitumie mswaki wa chuma wala stili wulu, maana mikwaruzo inashika ute kuliko ukuta laini. Pitisha kidole tena. Ukuta uliosafika hukwaruza kidogo chini ya kidole kama sahani iliyooshwa vizuri. Ukiteleza popote, rudia hapo. Kisha mimina lita mbili tatu za maji safi na uzitoe zote kwa kizibo cha nyuma.

Koki

Koki ni sehemu ya pili kwa ute, nayo ina njia yake ya kuchafuka isiyotoka ndani ya tangi. Watu wanakuja na chupa zao, wanausukuma mdomo wa chupa mpaka unagusa mdomo wa koki. Mate yanabaki pale, mdomo wa koki una unyevu muda wote, na bakteria wanapanda juu kuelekea tangini. Ndiyo maana dispensa yenye tangi safi inaweza bado kutoa maji yenye ladha.

Tangi likiwa tupu, koki nyingi hutoka kwa kuzungushwa kwa mkono kinyume cha saa. Nyingine zimefungwa kwa nati ndani ya mlango wa mbele, na inakubidi uishike nati huku unazungusha koki. Angalia washa ya raba inayokaa kati ya koki na mwili wa mashine isidondoke, kwa sababu bila hiyo itavuja. Ikishatoka, fungua kofia ya juu yenye kishikio. Ndani utakuta springi na kikombe kidogo cha silikoni kinachoziba njia ya maji. Piga picha kwa simu kabla ya kutoa kila kipande. Fanya koki moja mpaka mwisho ndipo uende nyingine, vipande vya moto na vya baridi visichanganyike, kwa kuwa ya moto mara nyingi ina kufuli la watoto na raba yake inavumilia joto zaidi.

Sugua kila kipande kwa mswaki mdogo wa meno uliotengwa kwa kazi hiyo, na ndani ya mdomo wa koki pitisha kijiti cha pamba mpaka kitoke cheupe. Kikombe cha silikoni chenye madoa meusi yasiyotoka kwa kusugua tayari kuvu imeingia ndani ya mpira, kibadilishe. Usisahau kile kipande kifupi cha mpira kati ya tangi na koki: brashi nyembamba ya kusafishia mirija inapita humo. Kama koki za mashine yako hazifunguki, safisha mdomo kwa mswaki na vijiti, na wakati wa dawa zipe uangalizi wa ziada kama nitakavyoeleza.

Jiki: kipimo, muda, na kuisuuza

Chagua jiki ya kawaida isiyo na manukato, isiyo nzito, isiyo na sabuni ndani yake. Soma lebo. Jiki nyingi za madukani kwetu zina klorini ya asilimia 3.5 hivi. Lengo ni miligramu 100 za klorini kwa lita moja ya maji, na hesabu yake ni hii:

```
ml za jiki = (100 x lita za maji) / (asilimia x 10)
```

Kwa lita 5 na jiki ya asilimia 3.5, ni 500 gawanya kwa 35, yaani mililita 14. Kijiko cha chakula kilichojaa ni mililita 15, kwa hiyo kijiko kimoja kinatosha. Ya asilimia 5 ingehitaji mililita 10. Chupa iliyokaa wazi miezi mingi au kwenye stoo yenye joto imeshapoteza nguvu, na kuongeza kijiko kwa kukisia si dawa, nunua mpya.

Lita 5 zinatosha kwa dispensa nyingi za ofisini, kwa kuwa tangi la baridi huchukua kama lita 3 na la moto lita moja hivi. Rudisha koki na kizibo cha nyuma. Changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, plagi ikiwa bado imechomolewa. Jaza tangi kutoka juu. Fungua koki ya baridi mpaka usikie harufu ya klorini kwenye kikombe, ufunge. Fanya vivyo hivyo kwa ya moto, hata kama inachelewa kutoa kwa sababu ya hewa. Ongeza mchanganyiko tangini ili ujae mpaka juu, kisha hesabu dakika 5. Sehemu zilizotolewa zizamishe kwenye mchanganyiko uliobaki kwa muda huohuo. Koki zisizofunguka zipulizie mchanganyiko huo mdomoni, na kila dakika moja utoe kikombe kidogo ili ndani yake papate dawa mpya.

Baada ya dakika 5 toa nusu ya maji hayo kwa koki zote mbili na iliyobaki kwa kizibo cha nyuma. Kisha suuza mara tatu, kila mara kwa lita 5 za maji ya kunywa, na kila mara yapitishe kwenye koki zote na kizibo. Mwisho jaza, toa glasi kwenye kila koki, nusa. Ikinuka klorini, suuza tena. Harufu hafifu sana haidhuru. Kiwango cha juu cha klorini ambacho Shirika la Afya Duniani linakubali kwenye maji ya kunywa ni miligramu 5 kwa lita, na pua nyingi zinaisikia kabla haijafika hapo. Lakini wenzako watailalamikia, kwa hiyo iondoe.

Kama majaribio ya glasi yalionyesha ukoko kwenye tangi la moto, uondoe kabla ya jiki kwa asidi ya sitriki ya dukani, usuuze mpaka iishe, ndipo uendelee. Asidi na jiki visikutane kamwe, iwe ya ndimu, ya siki au ya kusafishia choo. Vikikutana hutoa gesi ya klorini inayounguza mapafu, na chumba cha ofisi chenye kiyoyozi na madirisha yaliyofungwa ndicho kibaya zaidi kwa ajali hiyo.

Kabla ya kuwasha swichi ya moto, fungua koki ya moto mpaka maji yatoke mfululizo bila kukatika. Kipasha joto kikiwashwa wakati tangi halijajaa kinaweza kuungua, na hiyo ndiyo gharama inayowapata wengi baada ya kusafisha vizuri.

Ladha ikirudi

Ikirudi ndani ya wiki mbili tatu, fuata njia ya maji kwa mpangilio: rudia glasi tatu, kisha kijiti cha pamba kwenye koki, kisha chini ya kisahani. Mara nyingi ni koki au ule mpira mfupi nyuma yake vilivyorukwa. Kama glasi ya dumu ndiyo mbaya, kagua madumu yanapofika: kifuniko kizima na karatasi yake ya kuziba, ndani pasiwe na ukijani wala mikwaruzo mingi, na uliza yanakaa wapi dukani. Dumu lililopangwa barazani juani hunywewa likiwa limeshaharibika.

Kama kila kitu ni safi na bado kuna harufu ya ukungu isiyotoka, fungua mlango wa nyuma ukiwa umechomoa plagi, uangalie sponji ya kuhifadhi baridi iliyozunguka tangi. Ikiwa imelowa, tangi limepasuka au muungano unavuja, na ukungu umeota kwenye sponji yenyewe. Hapo hakuna jiki itakayoufikia. Tangi libadilishwe, au mashine iachwe.

Kwa ofisi ya Pwani ningepanga usafishaji kamili kila baada ya miezi miwili, na kabla ya kila dumu jipya shingo na kifuniko vipanguswe kwa spiriti ya asilimia 70, ikauke, ndipo lipinduliwe. Anayelibeba anawe mikono na asiguse shingo tena. Bandikeni karatasi juu ya koki: chupa isiguse mdomo wa koki. Jumatatu asubuhi vikombe viwili vya kwanza vya kila koki vimwagwe. Ofisi ikifungwa zaidi ya wiki, toeni dumu, mwageni matangi yote mawili kwa kizibo cha nyuma, na mkirudi anzeni na jiki kabla ya kuweka dumu.